Nimwiteje kwenye ujumbe wa Siku ya Baba?

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 27. Siku ya Baba ni Jumapili ya tatu ya Juni, na wiki nzima sasa naandika ujumbe wa baba yangu wa kambo na kuufuta.

Alikuja nyumbani kwetu nikiwa na miaka 11. Baba mzazi yu hai hadi leo, kwa hiyo nilimwona kama mtu aliyekalia kiti cha mwenyewe. Miaka mitatu sikumwita kwa jina lolote. Nikimhitaji, nilimsogelea mpaka alipo ndipo nikasema shida yangu. (Kuishi na mtu usiyemwita kunachosha, usione hivi.) Baadaye nikapata neno "Mzee", nalo limebaki.

Yeye hakulazimisha. Alibisha hodi chumbani kwangu hata mlango ukiwa wazi. Nilipokuwa na miaka 14 aliletewa fomu ya shule yenye "Sahihi ya mzazi/mlezi". Akalikata neno "mzazi" kwa mstari, akasaini. Siku ile niliona kafanya la haki. Mwezi uliopita nimeikuta fomu ile kwenye makaratasi ya mama, nikashindwa kuirudisha.

Nilichoandika mpaka sasa ni hiki:

"Mzee, heri ya Siku ya Baba. Miaka ya mwanzo sikukupokea, nawe hukunidai. Sijui nilianza lini kukuzoea. Ninachokumbuka ni jioni moja ulichelewa kurudi, nikajikuta nachungulia dirishani. Asante kwa kubisha hodi. Na lile neno ulilolikata kwenye fomu, leo nisingekubali ulikate."

Mama ameusoma, akasema niondoe hiyo "sikukupokea", yaliyopita si ndwele. Lakini nikiiondoa, kinachobaki anaweza kuandikiwa baba yeyote, na huyu alikuwepo, anajua nilivyokuwa. Naogopa tu asije akadhani nimemwekea kinyongo siku ya furaha yake.

La pili ni jina. "Mzee" nahisi ni baridi kwa siku hiyo. "Baba", kwa mara ya kwanza katika miaka 16, tena kwenye simu, naona ni kama kumvalisha mtu koti bila kumpima. Rafiki yangu alinishauri niandike "wewe ni zaidi ya baba". Nimekataa, maana hapo nakuwa nimewapima wawili kwenye mizani, na baba yangu hajanikosea. "Umekuwa kama baba" nayo, hiyo "kama" inamrudisha mlangoni.

Nimewaza pia nisitume chochote, niende na ile fomu mkononi nimwambie mwenyewe. Ila ni mtu wa maneno machache, na mimi nimeurithi ukimya wake, sijui kwa njia gani. Tutakaa tunaiangalia karatasi.

Shangazi, ile sentensi ya mwanzo niiache? Na nianze kwa kumwita nani?

Wako,
Binti wa Mzee