Nawaagaje wateja kwa moyo mkunjufu bila kuonekana nawaiba?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa makamo, nafanya kazi kwenye ofisi ya wakala wa forodha hapa Kurasini, Dar es Salaam. Meza yangu inahudumia wateja wa nje ya nchi. Kontena likishuka bandarini, mimi ndiye ninayehakikisha nyaraka zimekamilika, dhamana ya forodha imewekwa na lori limepakia kabla storeji haijaanza kuhesabu. Mwisho wa mwezi huu naacha kazi. Sijagombana na mtu. Nahamia Mwanza kukaa karibu na mama yangu, na nimepata kazi ya kushika hesabu za shule moja huko. Barua ya kuacha kazi imeshapokelewa na makabidhiano yanaendelea. Kilichobaki ni barua pepe ya kuaga, nayo nimeshaiandika yote isipokuwa sentensi ya mwisho.

Najua wapo watakaocheka. Lakini mwisho ndio anaoondoka nao msomaji, na wa kwangu kila nikiugusa ama unakuwa mkavu ama unakuwa wa kilio. Nakuwekea hapa nilichoandika uone mwenyewe. Mara ya kwanza ilimalizika hivi:

"Siku yangu ya mwisho ofisini ni Ijumaa. Mafaili ya mizigo iliyo njiani nimemkabidhi mwenzangu wa meza ya pili, na funguo za kabati ziko kwa katibu muhtasi. Kwa lolote wasilianeni naye. Asanteni."

Nilimpa mwenzangu mmoja aisome. Alipofika chini akasogeza kiti, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kwani wamekufukuza?" Nikairudia neno kwa neno, sikuona neno baya. Baadaye ndipo nikaona kwamba shida ni mpangilio. Mambo ya funguo yamekaa mwishoni, kwa hiyo mtu anafunga barua akiliwaza kabati, mimi ameshanisahau. Halafu ile "Asanteni" iliyosimama peke yake baada ya nukta ndiyo tunayoiweka chini ya tangazo la kukatika maji. Nikayapandisha makabidhiano yote hadi aya ya pili, na "Asanteni" nikaifuta kwa sababu shukrani zilikuwa zimeshasemwa juu, kwa majina. Barua ikatulia. Ila sasa ikabaki bila mkia.

Jaribio la pili nililifanya usiku, na usiku huwa naandika kama niko kwenye msiba: "Mlikuwa zaidi ya ndugu kwangu. Wema wenu hautafutika moyoni mwangu daima, na Mwenyezi Mungu awalipe kwa yote mliyonitendea." Asubuhi nikaisoma, nikaona ni tanzia, na marehemu ni wao! Hiyo "mlikuwa" ndiyo iliyowazika. Watu wako hai, Jumatatu wanaingia kazini kama kawaida, mimi nawasimulia kwa wakati uliopita. Nilipoiweka kwenye wakati uliopo, "ninyi ni watu wa kuaminiana nao hata saa nane za usiku", ikapata uhai kidogo.

Kuna jambo jingine ambalo sisi tuliokulia pwani hatuagi bila kulisema, nalo ni kuombana radhi. Niliandika, "Kama kuna niliyemkosea, kwa kujua au kwa kutojua, anisamehe." Mwenzangu akaikata palepale. Alisema mtu anayeenda Makka akisema hivyo anaeleweka, lakini mtu aliyekuwa akishika fedha za malipo ya bandari akiomba msamaha siku anayoondoka, mhasibu atafungua vitabu kabla hajamaliza chai yake. Nimecheka, lakini nimeiondoa. Hao niliowahi kuwapandishia sauti nitawafuata mezani mwao mmoja mmoja.

Nikaamua kurudi kwenye barua za kuaga za wenzangu waliotangulia, maana zote bado ninazo. Nyingi zinaishia "nawatakia kila la heri katika majukumu yenu", na ukiniuliza nani aliandika ipi sikumbuki. Moja tu ndiyo inayotajwa ofisini hadi leo, ya mzee aliyekuwa akitunza stoo. Iliishia hivi: "Birika lililoko stoo ni la kwangu, msinirudishie. Mkichemsha, majani ya chai yako kwenye kopo la bluu." Hakukuwa na sala wala daima na milele. Jioni ile watu walichemsha chai. Nadhani siri yake ni kwamba sentensi haimhusu yeye anayeondoka, inawahusu wanaobaki, na inawaachia kitu cha kufanya siku hiyohiyo. Pia ni ya kweli, birika lilikuwepo.

Kwa kufuata njia hiyo, barua ya wafanyakazi nimeimaliza hivi: "Kiti changu cha dirishani kina mguu mmoja uliolegea, atakayekirithi akunje karatasi aiweke upande wa kushoto. Na Mwanza karibuni, mkija sato nachoma mimi." Naipenda. Wasiwasi wangu ni kwamba inakwenda kwa ofisi nzima, pamoja na watu wa tawi la bandarini ambao tunajuana kwa simu tu. Je, mtu unayejuana naye kwa simu ukimkaribisha sato anaona umemheshimu, au anaona maneno ya kujaza nafasi? Mimi nikisema karibuni namaanisha, ila maandishi hayaonyeshi uso.

Lakini hiyo ya ofisini naweza kuishi nayo. Kinachoniliza ni ya wateja, Shangazi. Mwanzoni nilitaka barua moja iende kwa wote, nikaona haiwezekani, maana mteja hana habari na kiti changu.

Nichukue mmoja tu kama mfano. Kuna mzee wa Lubumbashi anayeagiza vipuri vya magari. Mizigo yake inapita Tunduma, inaivuka Zambia, inaingia Kongo kwa mpaka wa Kasumbalesa, na lori likikwama mpakani huwa ananipigia mimi kabla ya dereva. Saa za kwao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, kwa hiyo yeye akiona bado ni jioni, mimi huku nimeshapanda kitandani. Sijawahi kumwona uso. Hata hivyo barua zake, hata ya kulalamikia gharama, zinaishia "bakia muzuri, mama", na mimi siku zote hasira inaisha hapo. Mtu kama huyo siwezi kumwachia "nakutakia mafanikio". Hayo benki humwandikia.

Moyo wangu ulitaka kuandika hivi: "Namba yangu haibadiliki, ukinihitaji wakati wowote nipigie." Ndiyo sentensi ya joto kuliko zote nilizonazo, na ndiyo nisiyoweza kuituma. Katika kazi yetu mteja hufuata mtu, hafuati ofisi. Kabla yangu aliondoka kijana mmoja, akawaaga wateja kwa maneno karibu na hayohayo, na haukupita muda mrefu mizigo ya baadhi yao ikaanza kutolewa na ofisi yake mpya. Tangu hapo mkurugenzi anataka nakala ya kila barua ya kuaga inayokwenda kwa mteja. Mimi naenda kushika hesabu za shule, sina kontena la kuiba, ila mkurugenzi akisoma "wakati wowote nipigie" hatasoma habari za shule. Na hata mzee mwenyewe anaweza kuielewa vibaya, akanipigia lori likikwama, nami nikiwa Mwanza sina la kumsaidia. Hapo joto litageuka kuwa usumbufu kwa yule kijana aliyepokea meza yangu.

Nikaibadili ikawa hivi: "Kijana anayepokea faili lako nimemwambia kwamba wewe hupigi simu bila sababu, kwa hiyo ukipiga atapokea. Msalimie mama watoto, na duka jipya likifunguliwa Mungu alijaze wateja." Hapa naona nimemwachia kitu. Nimemwonyesha kwamba ninamjua, ule ujuzi nimemkabidhi mwingine, na mlango wa biashara nimeuacha kwenye ofisi unapostahili kuwa. Salamu za nyumbani na dua ya duka ni za mtu kwa mtu, hazina bei ndani yake. Sala nayo nimeiacha fupi ili Mwislamu na Mkristo wote waitikie amina.

Hata hivyo nina shaka mbili. Ya kwanza, mkurugenzi ataisoma, na kumtaja mke wa mteja kwenye barua ya ofisi kunaweza kumshangaza, ingawa mteja mwenyewe ndiye aliyezoea kunitajia habari za nyumbani. Ya pili ni kinachofuata chini ya sentensi hiyo. Barua pepe za kwetu zina saini inayojiweka yenyewe, yenye cheo, nembo na namba ya ofisi, halafu chini yake lile onyo refu kwamba ujumbe huu ni siri na aliyeupata kimakosa aufute mara moja. Hebu fikiria, namwombea duka lijae wateja, mstari unaofuata unamwambia afute! Saini naweza kuiondoa kwa mkono kabla sijatuma. Onyo siwezi, mtu wa kompyuta kaniambia linabandikwa na mtambo wa ofisi wakati barua inatoka, na halibagui. Nilichofikiria ni kuweka jina langu la kwanza peke yake kwenye mstari wake, bila cheo, ili likae katikati ya dua na lile onyo. "Wako mtiifu" siitaki, hiyo ni ya kuombea kazi. "Wasalaam" nimeijaribu, nikaona inaifunga ile dua kabla haijamfikia.

Sasa naomba unisaidie mambo matatu. Ile ya mzee wa Lubumbashi, niiache na salamu za mama watoto au niishie kwenye dua ya duka? Jina langu likae peke yake chini, au unaona mteja atadhani nimekuwa mwepesi mno? Na namba yangu binafsi, kwa wateja niiache kabisa? Mwenzangu anasema niiache, mwenye kuitaka anayo tayari kwenye simu yake. Mimi naona kuificha nako kuna ubaridi wake, hasa kwa wale wachache tuliowahi kupeana pole za misiba.

Sanduku langu la barua la ofisini linafungwa Ijumaa jioni, na za wateja nataka zitoke Alhamisi asubuhi ili mwenye kujibu anikute. Nitashukuru ukinijibu kabla ya hapo.

Mama Nyaraka,
Kurasini