Ile imeili yako, kabla hujaituma

Rafiki yangu,

Za siku nyingi, natumaini uko poa na kazi mpya imeanza kukuzoea. Nimeipata ile rasimu ya imeili ya Kiingereza kuhusu maboresho ya mfumo uliyonitumia jana usiku, nimeisoma mara mbili, na kwa vile umeniambia inaenda kwa watu wengi na jina lako ndo litakuwa chini, nimeona nisikusahihishie tu kimya kimya alafu nikurudishie. Nikifanya hivyo wiki ijayo utarudi kulekule, manake makosa yaliyomo ni ya aina moja na kompyuta haikuonyeshi mstari mwekundu. Kompyuta inaangalia kama neno lipo, na its ipo, it's ipo, affect ipo, effect ipo, kwa hiyo yenyewe inaona kila kitu kiko sawa.

Sentensi zako zilikuwa hivi, nazinakili kama ulivyoandika: "Its been scheduled since last month and this will effect all users. The upgrade will improve it's speed, and the affects will be seen from Monday. Please advice if you have concerns."

Mi miaka mingi nilifundishwa haya mambo kwa sheria za Kiingereza na hazikunikaa, mpaka siku nilipogundua kwamba Kiswahili chetu kinatenganisha haya maneno vizuri kabisa, yaani ukishajua kwa Kiswahili ungesemaje basi jibu unalo tayari. Ndo nnachotaka kukupa.

Anza na its. Isome sentensi yako alafu jiulize, hapa ningesema "yake"? Yake, wake, lake, chake, zake, yoyote ya ukoo huo. Kama ndiyo, ni its, bila alama yoyote. Kama ningesema "ni" au "ime" basi ni it's, yenye ritifaa, ile alama ndogo ya juu kabla ya s. Sasa angalia yako: "improve it's speed", ungesema itaboresha kasi yake, si ndio? Yake. Basi ni its speed. Alafu mwanzoni, "Its been scheduled", hapo ungesema imepangwa tangu mwezi uliopita, hakuna yake hapo, kuna ime, kwa hiyo ni It's been scheduled, yaani It has been. Uliweka zote mbili kinyume na hilo ndo jambo la kawaida kabisa, wengi wanakumbuka kwamba it's ni it is lakini wanasahau kwamba ni it has pia, kwa hiyo wakikuta been mbele yake wanaitoa ritifaa kwa sababu "it is been" inasikika vibaya.

Mfano unaonisaidiaga mimi ni huu: its time na it's time. Ya kwanza ni wakati wake, ya pili ni wakati sasa. Its own ni yake yenyewe, kwa hiyo haina ritifaa. It's clear that ni wazi kwamba, kwa hiyo inayo.

Unajua kwa nini linachanganya hivi? Kwa sababu kwenye majina Kiingereza kinatumia ritifaa kuonyesha mwenye mali, the company's report, the manager's office, basi mkono unazoea na ukifika kwenye it unaandika it's report. Lakini it sio jina, ni kiwakilishi, na viwakilishi vya umiliki vya Kiingereza, ukiacha one's, havina ritifaa: his, hers, ours, yours, theirs. Hujawahi kuandika hi's kwenye maisha yako, sasa its ni ndugu yake his. Na wala sio sisi tu, miaka ya 1600 Waingereza wenyewe walikuwa wakiandika it's kwa maana ya yake na ikaendelea hadi miaka ya 1700 ndipo ritifaa ikaondoka. Kwetu ritifaa tunaijua kwenye ng'ombe na ng'ambo ambako inabadilisha sauti, ila kwenye it's haina kazi ya sauti, inashikilia tu nafasi ya herufi zilizodondoka, i ya is au ha ya has. Ndo maana its na it's ukizitamka huwezi kuzitofautisha, usijaribu kutumia sikio hapo. Na its' yenye ritifaa mwishoni haipo kabisa, ukiiona popote ifute.

Sasa affect na effect. Hapa Kiswahili kimetupa zawadi. Affect ni kuathiri, effect ni athari. Kitenzi na nomino, na sisi hakuna anayekosea kati ya athiri na athari, huwezi kumsikia mtu anasema "mvua imeathari barabara". Ila angalizo moja, usishike kwa herufi ya mwanzo, kwa sababu athari inaanza na a na affect inaanza na a, ukishika hivyo utapotea. Shika katikati ya neno la Kiswahili, thi ni kitenzi na tha ni nomino, au shika kwamba kuathiri ni kufanya. This will affect all users, hii itawaathiri watumiaji wote. The effects will be seen, athari zitaonekana. Kama kabla ya neno kuna the, an, any, no, au its, karibu mara zote ni effect, kwa sababu unataja kitu.

Nimesema karibu mara zote, na kuna shimo moja ambalo mimi nililiangukia kwa hiyo nalieleza taratibu. Effect inaweza kuwa kitenzi pia, na maana yake sio kuathiri, ni kutekeleza, kulifanya jambo litokee. Kwenye maofisi utaikuta sana kwa sababu watu wa uhasibu wanaandika kindly effect payment, yaani tekelezeni malipo, na iko sawa kabisa. Sasa ofisi moja niliyofanya kazi zamani tulibadilisha utaratibu wa kuidhinisha ankara, na mabadiliko yale yangechelewesha malipo kwa siku mbili hivi, nikaambiwa niwaandikie waletao bidhaa niwajulishe. Nikaandika "The new procedure will effect all payments from Monday." Nilimaanisha utaratibu mpya utaathiri malipo, wajiandae kusubiri. Wao wakasoma, kwa haki kabisa, utaratibu mpya utatekeleza malipo yote kuanzia Jumatatu. Jumatatu asubuhi simu zikaanza, kila mtu anauliza mbona hela haijaingia na mmesema leo mnalipa wote, na mi sielewi kabisa wanaongelea nini mpaka mmoja akanisomea sentensi yangu mwenyewe kwenye simu. Herufi moja tu, na ikageuza tahadhari ya kuchelewa kuwa ahadi ya kulipa. Siku hiyo niliumia, kwa sababu wale watu walikuwa wamepanga mambo yao kwa ahadi ambayo hatukuitoa.

Kwa hiyo ukikutana na kitenzi, jiulize swali la pili: hiki kitu kinaguswa, au kinafanywa kitokee? Kikiguswa ni affect. Kikifanywa kitokee ni effect. Affect the change ni kuyagusa mabadiliko ambayo tayari yapo, effect the change ni kuyaleta. Kwenye yako watumiaji wanaguswa, hawaletwi, kwa hiyo affect. Na kama bado unasita, achana na yote mawili, andika kitu cha moja kwa moja, the change will delay payments by two days, hapo hakuna anayeweza kusoma vingine na mi naona ni bora hata kuliko affect, manake affect haisemi unaguswa vipi. Ila with effect from 1 July na take effect ziache kama zilivyo, hapo effect ni nomino, ni kuanza kufanya kazi.

Hiyo please advice nayo nitaimaliza haraka. Ushauri ni advice, kushauri ni advise. Hapa sikio linasaidia kidogo kwa sababu hazitamkwi sawa, advice inaishia na sauti ya s na advise inaishia na z. Ukisema polepole utasikia unataka z, basi andika s. Najua inaonekana kinyume lakini ndo Kiingereza. Na advices yenye s mwishoni usiandike ukimaanisha ushauri mwingi, ushauri kwao hauhesabiki.

Your na you're zinakwenda na kipimo kilekile cha its, yako dhidi ya u au wewe ni: your account ni akaunti yako, you're invited ni umealikwa. Na their ni yao. Then ni kisha, than ni kuliko, hiyo ukisema kwa Kiswahili inajitenga yenyewe. Lose na loose ndo pekee ambazo naona Kiswahili hakikupi njia ya mkato ya herufi, lose ni kupoteza, loose ni kulegea, inabidi ukumbuke tu kwamba iliyolegea ina o mbili.

Ninavyofanya mimi kabla ya kutuma chochote kinachoenda kwa watu zaidi ya watatu, nabonyeza Ctrl+F naandika its, alafu narudia kwa it's, na kila inapotokea naisoma kwa Kiswahili. Alafu ffect, bila herufi ya kwanza, ili inikamatie zote mbili kwa pamoja. Inachukua kama dakika moja. Kwenye simu kuwa makini zaidi kwa sababu simu nyingine inapachika ritifaa yenyewe wakati unaandika, wewe umeandika its sahihi ikageuka mbele ya macho yako.

Basi yako naona iwe hivi: "It's been scheduled since last month and will affect all users. The upgrade will improve its speed, and the effects will be seen from Monday. Please advise if you have concerns." Ila ningekuwa wewe hiyo will affect all users ningeitoa niweke saa ambazo mfumo hautapatikana, kwa sababu hicho ndo watu watakachokuuliza. Hizo saa sizijui, waulize wenzako wa mitambo kabla ya mchana alafu nitumie tena niipitie, niko mezani mpaka saa kumi.

Wako wa siku zote.