Wastani wa 35 katika mkondo ambao hakuna aliyepata 35

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kuhusu zile karatasi zinazobandikwa kwenye mbao za matangazo za shule kila mitihani ya muhula inapokwisha. Mkondo A wastani 35, Mkondo B wastani 33, basi A wameshinda. Mwalimu wa A anapongezwa kwenye kikao cha wazazi na wa B anaulizwa kulikoni. Hesabu yenyewe huwa haina kosa. Kosa ni kulisemesha darasa zima kwa namba hiyo moja.

Chukua mfano wa Hisabati, Kidato cha Pili. Alama ni za kubuni, lakini mwalimu yeyote wa somo hili atautambua mpangilio wake. Mkondo A wenye wanafunzi 15 umepata hivi, kuanzia wa chini: 8, 11, 14, 17, 19, 21, 22, 24, 26, 27, 29, 31, 88, 93, 95. Jumla ni 525, gawanya kwa 15, unapata 35. Kwa madaraja ya NECTA, ambako D huanzia 30 na C huanzia 45, mzazi anayesoma 35 ataondoka akiamini kwamba mtoto wa kawaida wa mkondo huo amepata D.

Sasa rudi kwenye orodha umtafute huyo mtoto wa kawaida. Hayupo. Kutoka 31 orodha inaruka hadi 88, katikati hakuna mtu. Wanafunzi 11 kati ya 15 wana F. Ile 35 imebebwa na watatu wa mwisho, ambao peke yao wana alama 276, zaidi ya nusu ya jumla yote. Watoe hao watatu, wastani wa 12 waliobaki unaporomoka hadi 20.75.

Wastani ndivyo ulivyo: unakusanya alama zote kwenye chungu kimoja, kisha unazigawa sawasawa kama vile kila mtu alichangia kiasi kilekile. Wakulima tisa wakipeleka gunia tano tano sokoni Kibaigwa, na mfanyabiashara mmoja akashusha lori la gunia 155, wastani ni gunia 20 kwa kila mmoja. Waulize wale tisa nani kati yao ana gunia 20.

Mediani haina chungu. Inawapanga wanafunzi mstarini kuanzia wa chini hadi wa juu, kisha inamwita aliyesimama katikati. Kwa watu 15 ni wa nane, saba wakiwa nyuma yake na saba mbele yake. Katika Mkondo A wa nane ana 24, na hiyo ni F. Hata yule wa 95 angepata 100, au angeteleza hadi 60, wa nane ni yuleyule na alama yake ni ileile, kwa sababu mediani hutazama nafasi ya mtu mstarini, haijali amewaacha wenzake kwa umbali gani.

Mkondo B nao una 15: 22, 25, 27, 28, 30, 31, 33, 34, 35, 36, 37, 38, 38, 40, 41. Jumla ni 495 na wastani 33, pungufu ya A kwa alama mbili. Mediani ni 34. Waliopata 30 na zaidi ni 11, wakati kule A ni wanne tu. Kwa hiyo aliyepigiwa makofi ni mwalimu ambaye wanafunzi wake 11 wamefeli, na aliyeulizwa kulikoni ni yule ambaye 11 wamefaulu. Sisemi mwalimu wa A hajui kazi. Huenda amepokea mkondo wenye pengo kubwa tangu shule ya msingi. Nasema tu kwamba wastani haukuonyesha pengo hilo, na pengo hilo ndilo lililopaswa kujadiliwa kikaoni.

Wakati mwingine wastani huvutwa kwenda chini, na hapo mara nyingi mkosaji ni sifuri ya ofisini. Tuseme rejesta ya Mkondo B ina majina 17, na wawili hawakufanya mtihani. Mwandishi wa matokeo, ili asiache kisanduku wazi, anawaandikia 0. Jumla inabaki 495 lakini sasa inagawanywa kwa 17, wastani unashuka hadi 29.1, na mkondo uliokuwa D umeingia F bila mwanafunzi hata mmoja kukosa swali la ziada. Mediani inatikisika kidogo tu, kutoka 34 hadi 33. Ila hapa mediani isitumike kama plasta. Asiyefanya mtihani hana alama, na sifuri ni alama. Dawa ni kumwandikia ABS. Kwenye Excel fomula hizi huruka maneno na visanduku vitupu, lakini tatu za kwanza huihesabu 0:

```
=COUNT(C2:C18)
=AVERAGE(C2:C18)
=MEDIAN(C2:C18)
=COUNTIF(C2:C18,">=30")
```

Kama COUNT inakupa 17 na waliokaa chumba cha mtihani ni 15, umeshajua sifuri ziko wapi.

Anayehesabu kwa mkono kuna mahali pawili huwa anateleza. Kwanza anamchukua wa katikati kwenye orodha ya majina kabla hajapanga alama. Hiyo ni bahati nasibu tu. Pili ni idadi inapokuwa shufwa. Kwa wanafunzi 30 hakuna wa katikati mmoja, hivyo chukua wa 15 na wa 16, jumlisha alama zao, gawanya kwa mbili. Ukiiunganisha mikondo yetu A na B, hao wawili wana 29 na 30, mediani ni 29.5. Ukijaribu njia ya mkato ya kujumlisha 24 na 34 na kugawanya kwa mbili unapata 29, na si sahihi. Wastani hukuruhusu kuunganisha kwa jumla na idadi bila kurudi kwenye orodha. Mediani hairuhusu, lazima alama zote zipangwe upya pamoja.

Na kuna jambo ambalo mediani hailioni kabisa. Tuseme mwalimu wa A anafundisha jioni wale wanne wa chini, na kutoka 8, 11, 14 na 17 wote wanafika 20. Ni kazi kubwa. Mediani inabaki 24 palepale, kwa kuwa wa nane hajaguswa. Wastani ndio unaoipokea kazi hiyo na kupanda hadi 37. Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wanaotaka wastani ufutwe kwenye karatasi za matokeo, wala na wanaotaka wale watatu wa juu waondolewe kwenye hesabu kwa kuwa "wanaharibu". Alama zao ni halali, zimo darasani.

Ninachoomba kwa walimu wa taaluma ni mstari mmoja wenye namba zaidi ya moja, kwa mfano: "Kidato cha Pili A, Hisabati: waliofanya 15, wastani 35, mediani 24, ya chini 8, ya juu 95, waliopata 30 na zaidi 4." Mzazi akiona wastani umeipita mediani kwa alama 11, anayo haki ya kuuliza ni wangapi walioko juu wanaoivuta, na waliobaki wamekwama kwenye mada ipi.

Mwalimu wa Hisabati,
Dodoma