Barua kwa Atu kuhusu Sekela na Neema

Uyole, Mbeya

Mpendwa Atu,

Salamu nyingi. Sisi ni wazima, ila baridi ya Juni inatutesa, na mama anakusalimu. Nakujibu upesi kwa sababu umeniomba nimweleze Neema kwamba Sekela yuko tayari kumsamehe. Sitamweleza, na ninakuomba nawe usimweleze, maana najua wote wawili wanakupigia simu.

Chanzo unakijua nusu. Walikodi lori la kupeleka viazi Dar es Salaam kwa shilingi 600,000, Sekela akiwa na magunia 30 na Neema 20, wakalipa nusu kwa nusu. Baadaye Neema akasema wangehesabu kwa gunia, yaani shilingi 12,000 kila moja, naye angelipa 240,000 badala ya 300,000. Kwa hiyo anadai 60,000. Sekela anashikilia kwamba nusu kwa nusu ndiyo waliyopatana. Nilipomsikiliza kila mmoja peke yake, niliona kwamba fedha ni sehemu ndogo tu. Neema anaumia kwa kuitwa mchoyo mbele ya wachuuzi wa Mwanjelwa, na Sekela anaumia kwa kudaiwa kupitia kwa shemeji yake, wakati yeye mwenyewe alikuwa nyumba ya pili.

Sasa fikiri, Atu: Neema akisikia kutoka kwangu kwamba anasamehewa, ataelewa kwamba amekwisha kuhukumiwa, tena na mimi nikiwepo. Kisha ataniuliza mwenzake alisema kwa sauti gani, nami nitajikuta nafasiri moyo wa mtu. Kila Sekela anaponiambia "kamwambie", namjibu kwamba neno hilo ni lake na litamngoja siku watakapokaa. Ninachokubali kupeleka ni siku na mahali tu. Sekela alinuna, akauliza kama nimenunuliwa; siku iliyofuata Neema akauliza hivyo hivyo, nikacheka peke yangu jikoni.

Siku hiyo ningependa tuanze na hesabu, kwa kuwa magunia na fedha zilizolipwa hawazibishanii. Wakifika kwenye mapatano, kila mmoja aeleze anavyoyakumbuka bila kukatizwa, na mwenzake arudie alichosikia kabla ya kujibu. Maneno ya sokoni na ya shemeji yaje baadaye, yakiwa peke yake, yasichanganywe na zile 60,000. Wakiniuliza nani ana haki sitajibu, hata kama kichwani nina maoni yangu (ninayo, usiniulize). Ila kama hawakuandikiana chochote, huenda tusijue kamwe walipatana nini, na itawabidi wapatane upya.

Je, utakuja Mbeya kwa ile harusi? Tunaweza kukaa kwa dada yako, ambako hakuna aliye mwenyeji kuliko mwingine? Sekela amekwambia lolote ambalo mimi sijaambiwa? Kama amekwambia, usiniandikie; ila unaweza kumuuliza kama Jumapili baada ya ibada inamfaa?

Wako,
Tusa