Barua kwa wanangu mnaowasomea wenza karata za taroti

Wanangu,

Nawaandikia kuhusu karata mbili, namba III na namba IV, zinapotoka pamoja mbele ya mke na mume waliokuja kuuliza nani afanye nini nyumbani na nani awe na kauli. Wengi wenu mnazisoma kwa haraka: Malkia Mkuu ni mke, Kaisari ni mume, basi mke alee na mume aamue. Usomaji huo unaumiza watu, na picha zenyewe zinaukataa.

Zitazameni. Katika seti aliyoichora Pamela Colman Smith, iliyotoka London mwaka 1909, Malkia Mkuu ana taji la nyota 12, ngano imesimama mbele yake na maji yanatiririka kati ya miti. Lakini pia ameinua fimbo ya enzi. Kaisari ameketi kwenye kiti cha mawe chenye vichwa vya kondoo dume, deraya inaonekana chini ya joho lake, na nyuma yake ni milima mikavu. Katika seti za Marseille jambo liko wazi zaidi: kila mmoja ana fimbo yake ya enzi na ngao yake yenye tai, alama ya dola. Hakuna mtawala na msaidizi hapo. Ni mamlaka ya aina mbili. Namba III inatawala vitu vinavyohitaji kulelewa: chakula, watoto, afya, mapenzi. Namba IV inatawala mipaka: bajeti, ratiba, ahadi zilizoandikwa, na neno "hapana".

Kwa swali hili nashauri karata 5. Ya kwanza ni anachobeba mke, ya pili anachobeba mume, ya tatu uamuzi wa fedha unakaa wapi, ya nne kinachoachwa bila mwenyewe, ya tano makubaliano ya kuanzia. Zitajeni nafasi hizi kwa sauti kabla ya kuchanganya karata. Mkisubiri hadi karata zifunuliwe, mtavutwa kumpa mke Malkia na mume Kaisari, hata kama hazikuangukia hapo. Mwenye karata ni nafasi, si jinsia iliyochorwa.

Tuchukue mfano. Nafasi ya kwanza, ya mke, imetoka Kaisari. Ya pili, ya mume, Malkia Mkuu. Ya tatu Sarafu 6, ya nne Fimbo 10, ya tano Sarafu 3. Mke ndiye mwenye kupanga na kuweka kikomo; mume ndiye anayepika, anayeogesha watoto, anayekesha na mgonjwa. Msiwaambie kwamba mambo yamepinduka. Hamkuulizwa hilo, na mume akisikia hivyo mbele ya mkewe atanyamaza, na usomaji utakuwa umekwisha hapo. Nendeni kwenye Sarafu 6: tajiri ana mizani mkononi, anawagawia sarafu waliopiga magoti. Ulizeni swali moja tu: ni nani anayelazimika kuomba pesa ya matumizi? Katika mpangilio huu, dalili zinaelekea kwa mume. Anatawala jiko ambalo hana fungu lake. Fimbo 10 inakamilisha habari, kwani mtu yule ameinamia mzigo hadi uso umefichika. Kazi ya ulezi imerundikwa, na anayeibeba haoni mbele kwa sababu kila senti ya sokoni inahitaji ruhusa.

Sarafu 3 inaonyesha fundi kazini, na wawili wakimtazama huku wameshika mchoro. Kwa hiyo makubaliano yawe kwenye karatasi, na anayefanya kazi awepo yanapoandikwa: fungu la chakula la mwezi liwe mikononi mwa mume, na wataje kiasi ambacho kila mmoja anaweza kutumia bila kumuuliza mwenzake. Kiasi wakitaje wao, si ninyi.

Karata ikitoka kichwa chini, msikimbilie kusema "mbaya". Kaisari aliyepinduka huwa ama amri zisizosikiliza, ama nyumba isiyo na utaratibu kabisa. Karata za jirani ndizo zinazoamua. Malkia aliyepinduka mara nyingi ni mlezi aliyechoka.

Na msikuze mno kukutana kwao. Mkivuta 5 kutoka karata zote 78, wawili hawa hutoka pamoja takriban mara 1 katika kila 300. Mkitumia zile karata kuu 22 pekee, ni kama mara 1 katika 23. Anayetumia 22 atawaona mara nyingi, na hiyo si ishara ya ndoa yoyote.

Mkisikia mmoja amepigwa, au amenyang'anywa mshahara au simu, kusanyeni karata. Hapo hakuna mgawanyo wa majukumu wa kusomwa. Zungumzeni na aliyeumizwa peke yake, mbali na mwenzake, mkamsaidie kufika kwa ndugu anayemwamini, hospitali au dawati la jinsia la polisi.