Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Shilingi 6,800,000 Zisizobebwa na Bidhaa

Ndugu wanachama,

Habari za hisa na wanachama wapya zimo kwenye makabrasha mliyogawiwa, sitazirudia. Nataka tukae kwenye mstari mmoja wa hesabu za kiwanda chetu cha kamba hapa Pongwe, kwa kuwa umezua maneno mengi: "gharama za kiwanda zisizobebwa na bidhaa, 6,800,000". Hakuna aliyezila.

Kodi ya banda, mlinzi, bima, msimamizi, umeme na grisi ni gharama za bidhaa zote kwa pamoja. Zamani tukizigawa kwa kilo, na uzi wa mkonge ukaonekana una faida nono. Kumbe kilo 100 za uzi hukaa kwenye mashine saa 6, za kamba nene saa 2 tu. Kamba ilikuwa inaubebea uzi mzigo wake. Ndiyo maana sasa tunagawa kwa saa za mashine.

Bajeti ilikuwa shilingi 48,000,000 kwa saa 6,000, yaani 8,000 kwa saa. Basi kilo 100 za uzi zilibeba 48,000, za kamba 16,000. Mwaka ulipoisha, kadi zinazojazwa na waendesha mashine zilionyesha saa 5,400. Bidhaa zikawa zimebeba 43,200,000, nasi tumetumia 50,000,000. Pengo ndilo hilo.

Ukilinganisha na bajeti utasema tumezidisha milioni 2. Hapana, tumezidisha zaidi. Katika ile 8,000, shilingi 6,000 ni gharama za kudumu, na 2,000 ni umeme na grisi, ambazo mashine ikisimama hazitumiki. Saa 600 zilizopungua zilipaswa kutuokolea 1,200,000 za umeme na grisi, kwa hiyo kwa saa 5,400 tulipaswa kutumia 46,800,000. Ziada ya kweli ni 3,200,000, nyingi ikiwa matengenezo ya giaboksi, na kidogo dizeli ya jenereta. Ziada hiyo, kamati inapaswa kuijibia.

Zinazobaki, 3,600,000, ni saa 600 zilizopotea mara 6,000: mlinzi na banda tulilipa, mashine haikuzunguka. Saa 420 mashine ya kusokota ilisubiri hiyo giaboksi. Saa 180 nyingine, singa za mkonge hazikufika wakati wa masika.

Wapo waliopendekeza pengo lipachikwe kwenye thamani ya kamba zilizoko stoo. Faida ingependeza macho, lakini kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 2 hakiruhusu: gharama za kudumu zisizobebwa kwa sababu uzalishaji umeshuka huingia kwenye matumizi ya mwaka huohuo. Wengine wanataka mwakani tugawe ile bajeti ya 48,000,000 kwa saa 5,400, kiwango kifike karibu 8,900 kwa saa. Tukipandisha bei kwa hesabu hiyo, wanunuzi watapungua, saa zitashuka tena, na kiwango kitazidi kupanda.

Kamati inaomba mkutano uidhinishe kiwango kibaki 8,000 kwa saa 6,000, ambazo ndizo saa zetu za mwaka wa kawaida, na giaboksi ya akiba inunuliwe kabla ya masika.

Mwenyekiti