Mdogo wangu, usisaini huo mkataba kabla hujasoma hii

Mdogo wangu mpendwa,

Picha za mkataba ulizonitumia nimezisoma zote, hata ile ya ukurasa wa pili iliyokatika pembeni nimeipambania mpaka nikaielewa. Kwanza nafurahi umepewa karatasi, maana mabinti wengi wanaotoka huko kwetu Iringa kuja Dar kufanya kazi za ndani wanapewa maneno tu kwenye simu basi. Ila karatasi yenyewe ina mambo kadhaa ambayo yakibaki hivyo yatakuumiza, na naiweka barua hii hadharani kwa sababu mikataba ya namna hii nimeiona mingi na inafanana kama imetoka kwenye mashine moja ya fotokopi.

Tuanze na hela. Juu wameandika mshahara 120,000 ukaona afadhali, lakini shuka chini kwenye kifungu cha makato. Pale kuna 50,000 ya chakula na malazi, halafu 20,000 kila mwezi "itahifadhiwa na mwajiri kama dhamana". Piga hesabu, mkononi unapata 50,000. Sasa amri ya mishahara ya 2022 iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini kwa mfanyakazi wa nyumba ya kawaida anayelala kwa bosi wake kuwa 60,000, na asiyelala pale 120,000, na Januari 2026 viwango vya sekta binafsi vimepanda tena. Angalia hiyo tofauti ya anayelala na asiyelala: kile kima chako kipo chini kwa sababu unalala na kula pale, yaani kitanda na ugali vimeshahesabiwa tayari, sasa kukukata tena 50,000 ni kukulipisha mara ya pili. Mwambie bosi aandike mshahara mmoja tu, ule utakaoupokea, na tarehe ya kuupokea, halafu alipe kwa simu ili meseji ibaki.

Hiyo dhamana ndio inayoniudhi kabisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu mwajiri kukata mshahara anavyojisikia, makato yanatakiwa yawe yale ya kisheria au deni ambalo wewe umelikubali kwa maandishi, na dhamana sio deni, wewe hujamkopa mtu. Wanasema ni kwa ajili ya vitu vitakavyovunjika. Sawa, sheria imeliona hilo pia, ukivunja kitu kwa uzembe wako wakati wa kazi anaweza kukukata, lakini akueleze kwanza, upate nafasi ya kujitetea, asizidishe thamani ya kitu chenyewe, na kwa mwezi asivuke robo ya malipo yako. Kwa mshahara wa 120,000 robo ni 30,000. Na ni baada ya kitu kuvunjika jamani, sio kabla. Ukikaa mwaka mzima kwa mtindo wao hiyo dhamana inafika 240,000, na hela ikishafika hapo mtu anaogopa kuondoka hata akinyanyaswa.

Sasa mapumziko. Wameandika "Jumapili baada ya kazi za asubuhi". Nimesoma nikatabasamu kwa uchungu maana naijua hiyo Jumapili: unaamka unapika chai, unawaandaa watoto waende kanisani, unaosha vyombo, unatoka saa 5, na saa 12 jioni unatakiwa uwe umerudi kupika. Hayo ni masaa 7. Sheria inataka masaa 24 mfululizo kila wiki. Kwa hiyo kile kifungu kiandikwe na masaa yake, mfano "kuanzia Jumamosi saa 2 usiku hadi Jumapili saa 2 usiku", na ndani ya huo muda hata kama upo chumbani kwako usiitwe kumbembeleza mtoto. Ukifanya kazi siku hiyo malipo ni mara mbili. Hesabu yake ni hivi: 120,000 gawa kwa 4.333 upate ya wiki, gawa kwa masaa 45 ambayo ndio mwisho wa masaa ya kawaida kwa wiki, inakuja kama 615 kwa saa, mara mbili ni 1,230. Masaa matano ya Jumapili ni 6,150. Anza kuandika kwenye kidaftari tarehe na masaa, siku ikitokea ubishi hicho kidaftari kitaongea.

Na usiku je? Mkataba unasema kazi inaanza saa 11 alfajiri "hadi kazi zitakapoisha". Hapo usikubali hata kidogo. Mapumziko ya kila siku ni masaa 12, ila kwa anayeishi pale pale kazini mnaweza kukubaliana kwa maandishi yashuke mpaka 8, chini ya hapo hapana. Ukilala saa 4 usiku ukaamka saa 11 ni masaa 7, tayari imevunjwa. Omba iandikwe saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na mapumziko ya mchana watoto wakiwa shule, maana kwa siku masaa ya kawaida hayazidi 9.

Kuachishwa sasa. Wao wanaweza kusitisha "muda wowote bila taarifa", wewe ukitaka kuondoka utoe notisi ya miezi miwili la sivyo dhamana imeliwa. Sio sawa kabisa. Kwa mtu wa mshahara wa mwezi notisi ni siku 28 au ulipwe hela badala yake (ndani ya mwezi wa kwanza ni siku 7), na mkikubaliana ndefu zaidi lazima iwe sawa kwa pande zote mbili. Ukishamaliza miezi 12 na wakakuachisha wao bila kosa la nidhamu, kuna kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwako ni kama 32,300 kwa mwaka. Ila ujue kwamba kabla ya miezi 6 huwezi kudai umeachishwa isivyo halali, na ukishapita hapo ukaachishwa hovyo una siku 30 tu za kupeleka malalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, usikae nyumbani kwa watu unalia wiki sita.

Kitu kimoja ambacho najua hukukiona: mstari wa "mahali alipoajiriwa" wameandika Dar es Salaam. Wewe walikufuata Iringa, shangazi yake bosi ndio alikuja kuongea na mama na nauli wakatuma wao. Huo mstari una kazi yake, kwa sababu kazi ikiisha mwajiri anatakiwa akurudishe wewe na mizigo yako mahali alipokuajiri au akupe nauli. Ukisaini Dar, siku hiyo utaambiwa umeshafika kwenu. Irekebishwe iwe Iringa na jina la kijiji.

Ongea na bosi Jumamosi akiwa ametulia, kwa adabu, mwambie "mama, naomba turekebishe mistari hii kabla sijasaini", umwonyeshe mmoja mmoja. Akikubali, mabadiliko yaandikwe upya sio kukatwa kwa peni, msaini wote wawili kila ukurasa, nakala moja ubaki nayo wewe. Kitambulisho chako cha NIDA mpe fotokopi, halisi ukae nayo. Akikataa yote nipigie kabla hujashika peni, hata iwe usiku.

Dada yako.